Namna ya Kumsimulia Tabibu Upele Bila Kuupa Jina

Upele mmoja ukitokea kwenye mkono wa mtoto, unapata majina manne kabla chai ya asubuhi haijapoa. Bibi anasema ni mapunye. Shangazi anasema ni aleji ya dagaa walioliwa juzi. Jirani aliyekuja kuazima kinu anasema mtoto kakojolewa na mjusi usingizini. Kijana wa duka la dawa, bila kuinuka kitini, anasema ni fangasi na anatoa tyubu. Wote wanne wanamtakia mtoto heri, na huenda mmoja wao amepatia. Lakini hakuna aliyeusogeza mkono huo dirishani akautazama.

Mwongozo huu ni wa mzazi, au mtu yeyote mwenye ngozi, anayetaka kufika kliniki na kitu kinachofaa zaidi ya majina hayo: picha nzuri na maelezo yanayokwenda nayo. Kazi yenyewe ni kusema ulichokiona, ulichokigusa na tarehe zake, kisha kunyamaza pale sababu inapoanzia. Kunyamaza ndiko kugumu. Sababu ni tamu, na hujileta yenyewe mdomoni hata kabla hujaulizwa.

Kwa nini jina lisubiri

Ngozi ina njia chache tu za kulalamika. Hubadilika rangi, huinuka, hujaa maji au usaha, hutoa magamba, huchubuka, huacha kovu. Maradhi yanayoisumbua ni mengi mno kuliko njia hizo, kwa hiyo hulazimika kugawana sura. Duara lenye magamba ukingoni laweza kuwa la ukungu wa ngozi, ukurutu au soriasisi. Baka lililopauka laweza kuwa mba, alama iliyobaki baada ya ukurutu kupona, au ukoma. Anayeanza na jina amechagua moja kati ya mengi kabla ya kuyaona mengine.

Madaktari wenyewe walilijifunza hili taratibu. Mwaka 1798 daktari Robert Willan wa London, aliyekuwa akitibu maskini katika zahanati ya umma, alianza kuchapisha kitabu kilichoyapanga magonjwa ya ngozi kwa jinsi yanavyoonekana. Aliyaweka katika makundi manane: vipele, magamba, wekundu ulioenea, malengelenge makubwa, vipele vya usaha, malengelenge madogo, mabonge na madoa. Sababu za mengi yake hazikujulikana wakati huo, lakini watu wawili waliomtazama mgonjwa mmoja waliweza angalau kukubaliana walichokuwa wakikitazama. Hadi leo mtaalamu wa ngozi huanzia hapo, na wewe pia utaanzia hapo.

Jina la mapema lina madhara mawili ya moja kwa moja. La kwanza, linamwelekeza tabibu aliyechoka, mwenye foleni ndefu mlangoni. Ukimwambia "mtoto ana aleji", maswali yake ya kwanza yatahusu chakula na sabuni, na swali lililohitajika huenda lisifike zamu yake. La pili, jina hununua dawa. Tyubu nyingi zinazouzwa kwa ajili ya ngozi zina steroidi kali ndani yake, mara nyingine zikichanganywa na dawa ya ukungu na antibiotiki katika krimu moja. Steroidi ikipakwa juu ya ukungu, muwasho hupungua, magamba hupotea na ukingo hufifia, huku ukungu ukiendelea kutambaa chini. Baada ya wiki kadhaa upele unakuwa na sura ambayo hata mtaalamu hupata taabu kuitambua.

Hatua ya kwanza: picha

Piga picha kabla ya kupaka chochote. Mafuta hung'aa, poda huficha, kalamaini huacha utando wa waridi, na dawa ya zambarau huifanya ngozi yote iwe ya rangi moja. Kama tayari umepaka, osha kwa maji, kausha kwa kugusagusa na kitambaa bila kusugua, kisha subiri robo saa. Ukisugua, utapiga picha ya kusugua kwako.

Mwanga mzuri ni wa mchana, kivulini, kama barazani au kando ya dirisha. Jua la saa sita hufuta tofauti za rangi, na flashi hufanya vivyo hivyo na kuongeza doa jeupe la mng'ao katikati. Zima flashi. Zima pia ule urembo wa kamera unaolainisha uso, kwa sababu kazi yake ni kufuta vile vipele unavyotaka kuvionyesha.

Picha ni tatu, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ipigwe kwa mbali, ionyeshe mkono mzima au mgongo mzima, ili ijulikane upele uko wapi na umeenea kiasi gani. Ya pili ipigwe kutoka umbali wa sentimita 30 hivi, ili mpangilio uonekane: je, vipele vimejipanga mstari, vimekusanyika, au vimetawanyika? Ya tatu ni ya karibu, rula ikiwa imelazwa kando ya upele bila kuufunika. Simu nyingi zikisogezwa karibu sana huona ukungu mtupu, hivyo rudi nyuma kidogo, gusa skrini juu ya upele ili kamera ilenge hapo, kisha ukate picha baadaye. Shangazi anayetaka kusaidia ashike rula. Ni kazi ya maana, na inahitaji mkono uliotulia.

Ongeza picha ya nne kama upele umeinuka. Mgonjwa asimame dirisha likiwa ubavuni mwake, mwanga uje kwa mshazari. Kila kilichoinuka kitatupa kivuli kidogo, na kilicho tambarare hakitatupa. Kisha piga sehemu ileile ya upande wa pili wa mwili, hata kama haina kitu. Mkono usio na upele ndio unaoonyesha rangi ya kawaida ya ngozi ya mtu huyu.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma picha kama faili, maana njia ya kawaida huibana na kuipunguza ubora. Mtumie anayehitaji kuiona, na usiitume kwenye kundi la ukoo. Picha ya mtoto ipigwe bila uso kama upele hauko usoni, na ya sehemu za siri isipigwe hadi kliniki yenyewe iiombe na mgonjwa au mzazi akubali.

Hatua ya pili: vidole

Picha ina macho, haina vidole. Mtaalamu anayeipokea akiwa mbali hawezi kujua kama upele ni mkavu au unyevu, wa moto au wa kawaida, mgumu au laini. Hili ni jambo kubwa katika nchi zetu, ambako wataalamu wa ngozi ni wachache na wengi wako mijini. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha matabibu kazi hii tangu 1992, lakini bado kuna zahanati zinazomtumia mtaalamu wa mbali picha ili apate kushauri. Atakachokosa kukigusa yeye, wewe ndiye utakayemwambia.

Kama upele hautoi maji wala usaha, nawa mikono kisha fumba macho. Pitisha kidole polepole kutoka ngozi nzima hadi kwenye upele. Je, umejua ulipoingia? Kama hukujua, hilo ni doa au baka, yaani rangi tu. Kama umehisi kitu kimeinuka, ni kipele. Kikiwa kikubwa na kimeingia ndani, ni bonge. Kikiwa na maji safi ndani ni lengelenge, na maji yakiwa mazito ya njano au meupe, ni kipele cha usaha. Ukifika hapo andika kwa maneno hayohayo ya kawaida. Hakuna tabibu atakayekudharau kwa kuandika "kipele chenye maji safi".

Tenganisha magamba na ukoko, maana mara nyingi watu huviita kwa jina moja. Magamba ni ngozi kavu inayobanduka kama vumbi au vipande vyembamba. Ukoko ni majimaji, usaha au damu iliyokauka juu ya ngozi. Tofauti hii humwambia tabibu kama mahali hapo palikuwa pakavu tangu mwanzo au palivuja kwanza.

Kisha bonyeza. Chukua bilauri ya kioo isiyo na rangi, uiweke juu ya doa, ukandamize kwa sekunde chache huku ukitazama kupitia kioo. Rangi ikififia, damu bado iko ndani ya mishipa yake na imesukumwa pembeni tu. Rangi isipofifia, huenda damu imetoka nje ya mishipa. Andika ulichokiona: "rangi inapotea ikibonyezwa" au "rangi haipotei ikibonyezwa". Kwenye ngozi nyeusi sana jaribio hili ni gumu kusoma. Lifanye mahali ngozi ilipo nyepesi, kama kiganjani au chini ya unyayo, iwapo upele umefika huko.

Mwisho ni hisia, na hapa ndipo watu wengi husahau. Chukua kipande kidogo cha pamba, ukisokote ncha. Mgonjwa akiwa ameangalia, gusa ngozi nzima ili ajue mguso unavyokuwa. Kisha afumbe macho, umguse mara kwenye ngozi nzima, mara kwenye baka, naye aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Baka lililopauka ambalo halihisi pamba ni habari nzito, kwa kuwa kupotea kwa hisia ni moja ya dalili kuu za ukoma, na ukoma hutibika vizuri ukikamatwa mapema. Lakini wewe usiandike ukoma. Andika: "katika baka hili hakuhisi pamba mara nne kati ya tano, kwenye ngozi ya kando alihisi zote." Sentensi hiyo ina nguvu kuliko jina lenyewe, kwa sababu tabibu anaweza kuirudia mbele yako na kuihakiki.

Hatua ya tatu: rangi

Usiandike "wekundu" kwa sababu tu umezoea kusikia upele ni mwekundu. Vitabu vingi vya udaktari vilichora upele juu ya ngozi nyeupe, na sura ile ikaonekana ndiyo kawaida. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari mzaliwa wa Zimbabwe, Malone Mukwende, pamoja na walimu wake wa Chuo Kikuu cha St George's, London, walitoa kitabu cha kuonyesha dalili zinavyoonekana kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia. Ngozi iliyovimba kwa ugonjwa, ambayo kwa Mzungu ingekuwa nyekundu, kwetu inaweza kuwa ya zambarau, ya kijivu, au nyeusi zaidi kidogo tu ya ngozi ya kando.

Kipimo chako basi ni ngozi ya huyohuyo mtu. Andika "jeusi kuliko ngozi ya kando", "limepauka kuliko ngozi ya kando", "lina uzambarau", "halitofautiani kwa rangi ila linahisika kwa kidole". Sema pia kama rangi ni moja kote au ukingo una yake na katikati ina yake. Ukiona wekundu kweli, uandike. Kama huuoni lakini mahali pana joto ukigusa kwa mgongo wa mkono, andika joto.

Hatua ya nne: tarehe na tyubu

Upele una maisha yake, na picha moja ni siku moja tu ya maisha hayo. Andika siku ya kwanza ulipoonekana, ulianzia wapi, ulikuwa na ukubwa gani, na umekwenda wapi tangu hapo. Kama hukumbuki tarehe, tumia tukio: "wiki iliyofuata sikukuu ya Idi", "siku shule zilipofunguliwa".

Kuna upele unaohama. Asubuhi uko pajani, jioni uko mgongoni, na kliniki hauonekani kabisa. Kwa huo, tumia kalamu ya wino. Zungushia mstari kipele kimoja ukingoni mwake, andika saa kando yake, piga picha, kisha piga tena baada ya saa 24. Kipele kilichotoweka ndani ya muda huo bila kuacha alama, na kile kilichobaki palepale siku nzima, humpeleka tabibu njia mbili tofauti. Mstari huohuo hufaa pia kwa uvimbe unaosambaa, kwa kuwa wote mtaona kama umeuvuka na kwa saa ngapi.

Kisha orodhesha kila kilichopakwa na kila kilichomezwa. Beba tyubu yenyewe, hata iliyokwisha, au piga picha ya maandishi yake madogo. Betamethasoni na klobetasoli ni steroidi, na tabibu anapaswa kuziona hata kama duka liliziita dawa ya fangasi. Dawa ya kienyeji nayo iandikwe bila aibu: majani gani, yalipondwa au kuchemshwa, yalipakwa siku ngapi. Andika pia dawa zote za kumeza alizoanza katika miezi miwili iliyopita, ikiwamo ya malaria, kifafa, au maambukizi, pamoja na siku ya kwanza ya kila moja. Baadhi ya upele hatari wa dawa hutokea wiki kadhaa baada ya kidonge cha kwanza, wakati familia imekwisha kukisahau.

Hatua ya tano: mfukuze "kwa sababu"

Sasa soma ulichoandika na utafute mahali sababu ilipojipenyeza. Hujificha kwenye "kwa sababu ya", "kutokana na", "ameambukizwa na", "imemkataa". Usiutupe ukweli uliomo ndani, ila uondolee hukumu. "Dagaa wamemkataa" inageuka kuwa "alikula dagaa Jumatano mchana, upele ulionekana Alhamisi asubuhi, amewahi kula dagaa mara nyingi kabla". Tarehe mbili zimekaa jirani, na tabibu ataamua kama zinafahamiana.

Maneno ya ukubwa nayo hukaguliwa. "Kubwa" na "umeenea sana" hayapimiki. Milimita zinapimika. "Umeenea" pia, ukisema "mikono yote miwili, kifua, si usoni, si viganjani".

Mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho

Tuseme mama mmoja ana mtoto wa kiume wa miaka 9. Ujumbe wake wa kwanza kwa kliniki ulikuwa hivi:

"Daktari, mtoto ana mapunye makubwa mkononi, kaambukizwa na mbuzi, tumempaka dawa ya fangasi haisaidii, sasa yamekuwa sugu."

Kila kipande cha sentensi hiyo kina hukumu. Mapunye ni jina. Makubwa hayana kipimo. Mbuzi ametiwa hatiani bila kukaguliwa. Dawa haijulikani ni ipi, "haisaidii" haielezi kilichobadilika, na "sugu" ni hitimisho. Mama akachukua rula, pamba, na ile tyubu, akaandika upya:

"Mtoto wa kiume, miaka 9. Mkono wa kushoto, upande wa ndani, sentimita 4 chini ya kiwiko. Baka moja la mviringo, upana milimita 32. Ukingo umeinuka, unahisika kwa kidole, una magamba membamba meupe, na ni mweusi kuliko ngozi ya kando. Katikati ni tambarare, hapana magamba. Hapatoi maji wala usaha, hapana joto. Anahisi pamba sawasawa ndani na nje ya baka. Panawasha, zaidi usiku.

Lilionekana wiki tatu zilizopita likiwa na upana wa ukucha wa kidole chake kidogo. Amepakwa krimu mara mbili kwa siku kwa siku nane, picha ya tyubu nimeambatisha, mara ya mwisho jana asubuhi. Kwa siku hizo nane muwasho na magamba vilipungua, upana ukaongezeka. Hajameza dawa yoyote mwezi huu na uliopita. Anachunga mbuzi kila jioni, sijawakagua. Dada yake wa miaka 6 ana baka la aina hiyo shingoni tangu wiki iliyopita, halijapakwa kitu. Hana homa, anakula na kucheza kama kawaida."

Tazama kila mstari unavyofanya kazi. Ukingo ulioinuka wenye magamba humwonyesha tabibu pa kukwangua: atakwaruza magamba kidogo kutoka ukingoni, atayaweka kwenye kioo, atadondoshea haidroksidi ya potasiamu inayoyeyusha ngozi, kisha atatafuta nyuzi za ukungu kwa hadubini. Tyubu humwonya kwamba magamba aliyoyakuta ni machache kuliko yaliyokuwapo, na kwamba kama ndani yake mna dawa ya ukungu, kipimo kinaweza kusema hapana wakati jibu ni ndiyo. Tarehe ya mara ya mwisho kupakwa humsaidia kuamua kama akwangue leo au asubiri. Pamba iliyohisiwa huusogeza ukoma mbali, angalau kwa baka hili. Na dada mwenye shingo ambayo haijapakwa kitu ndiye mgonjwa bora wa kupimwa, kwa sababu upele wake bado una sura yake. Mbuzi amebaki kwenye maelezo kama mbuzi.

Huko kliniki mazungumzo yakawa mafupi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama. Nimeusoma ujumbe wako. Huyo dada yake umekuja naye?"

"Nimekuja naye."

"Basi tuanze na yeye."

Pale usipoandika chochote

Kuna upele usiosubiri rula. Nenda hospitali sasa, picha mtapiga njiani, ukiona lolote kati ya haya: madoa yasiyofifia chini ya bilauri kwa mtu mwenye homa, ngozi inayobanduka au malengelenge yanayoambatana na vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri, midomo, uso au ulimi unaovimba, au pumzi inayobana, upele unaosambaa kwa saa huku ukiuma sana, upele wenye homa kwa mtoto mchanga, malengelenge karibu na jicho. Kama kuna dawa mpya iliyoanzwa karibuni, ibebe na pakiti yake.

Hofu nayo ina mstari wake

Kuacha sababu nje ya maelezo hakumaanishi kuficha unachokiogopa. Kama babu wa mtoto aliwahi kutibiwa ukoma, na hilo ndilo linalokunyima usingizi, tabibu anahitaji kulijua kwa sababu mbili: ni habari halisi ya familia, na ni hofu anayopaswa kuijibu kabla hujaondoka. Liandike mwishoni, kwenye mstari wake, chini ya neno "Ninachohofia". Majina ya bibi, shangazi na jirani nayo yanaweza kukaa hapo, yakionekana wazi kuwa ni dhana. Tabibu atamaliza kuangalia kwanza, kisha atayasoma.

Siku jina litakapopatikana, liandike pamoja na mambo mawili: lilipatikana tarehe gani, na kwa kipimo gani au kwa kutazama tu. Kisha piga picha kila wiki, mahali palepale, mwanga uleule, rula ileile, hadi matibabu yaishe. Ukungu ukitibiwa vizuri hupungua taratibu kwa wiki, na usipopungua, kliniki itakayofuata itahitaji kujua kama jina lile lilitoka kwenye hadubini au kwenye kisio. Jina lililotoka kwenye kisio linaweza kuulizwa upya, na picha zako zenye tarehe ndizo zitakazoanza kuliuliza.